Kilo nne za baiskeli na upepo wa kusi

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni mkazi wa Malindi na asubuhi huendesha baiskeli mpaka Gede na kurudi. Baiskeli yangu ina kilo 12, na usukani wake ni wa juu kidogo. Wenzangu wananiambia niiuze ninunue ya kilo 8 ndipo nitaweza kwenda nao. Barabara yetu haina milima. Je, uzito ndio unaonirudisha nyuma, au nitapoteza pesa? Msimu wa kusi ndio unaonitesa kuliko yote.

Jibu: Ndugu yangu, usiiuze bado. Katika barabara tambarare, kitu kinachokula sehemu kubwa ya nguvu za miguu yako ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inazuiwa na mwili wako, wala si na baiskeli. Ukiinama vizuri kwenye baiskeli uliyo nayo utapata zaidi ya mara kumi ya kile ambacho kilo nne zingekupa. Nitakuonyesha hesabu yake, kwa sababu jambo hili halikubaliki kirahisi kwa maneno matupu: uzito mtu huuhisi mkononi anapoinua baiskeli dukani, lakini ukinzani wa hewa hauinuliki wala haupimwi kwa mkono.

Tuanze na uzito. Baiskeli inapokwenda kwenye barabara isiyo na mwinuko, uzito wako hauvutwi kwenda juu, kwa hiyo unakugharimu kwa njia moja tu ya kudumu, nayo ni matairi. Tairi linapobingirika hubonyea pale linapogusa lami na kurudi hali yake, na kila likibonyea hupoteza nguvu kidogo. Upotevu huo huongezeka sawasawa na uzito. Tuchukue mwendeshaji wa kilo 70 juu ya baiskeli yako ya kilo 12, jumla kilo 82, anayekwenda kilomita 30 kwa saa kwenye lami nzuri kwa matairi ya kawaida yaliyojazwa vyema. Matairi yatamla wati 40 hivi. Mpe baiskeli ya kilo 8, na wati hizo zitapungua kwa 2. Hizo ndizo unazonunua kwa bei ya baiskeli nyepesi.

Utaniambia kwamba baiskeli nyepesi huondoka haraka, na ni kweli. Lakini nishati inayohitajika kuzifikisha kilo nne kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa kutoka kusimama ni jouli 140 hivi, ambazo mtu anayekanyaga kwa wati 180 huzitoa katika muda usiofika sekunde moja. Ukiondoka mara moja Malindi na kusimama mara moja Gede, huo ndio mzigo wote wa uzito katika kuondoka. Mtu anayesimama kila mara mjini, kwenye tuktuk na mikokoteni, atauhisi kidogo zaidi, lakini wewe swali lako si la mjini.

Sasa hewa. Mwili wako unapopita, hewa ya mbele inalazimika kupisha, na hiyo huzaa shinikizo kifuani na mabegani. Lakini hasara kubwa hutokea nyuma. Anayejua vyombo vya baharini ameona jinsi chombo chenye tezi butu kinavyoacha maji yakizunguka na kuchemka nyuma yake, na jinsi mazunguko hayo yanavyokivuta kisiende. Mgongo uliosimama wima hufanya vivyo hivyo hewani: hewa ikishapita mabega haiwezi kufuata umbo la mgongo, hivyo hujitenga, huzunguka, na kuacha nyuma yako eneo la shinikizo dogo linalokuvuta kurudi. Kuinama kunasaidia mara mbili, kwa kupunguza upana na kimo kinachokutana na hewa, na kwa kuulaza mgongo ili hewa iufuate mpaka mwisho.

Wataalamu huunganisha mambo hayo mawili, ukubwa wa umbo na ulaini wake hewani, katika kipimo kimoja cha mita za mraba. Mwendeshaji aliyekaa wima kiasi, mikono imenyooka kwenye usukani wa juu kama wako, huwa na kipimo cha karibu 0.42. Mtu yuleyule akiinamisha kiwiliwili na kukunja viwiko, hufika kwenye 0.32 bila kununua chochote cha ajabu. Wanaoshindana na saa, wenye usukani maalumu wa kulazia mikono, hushuka mpaka kwenye 0.25 na chini yake. Katika kipimo hicho chote, baiskeli yenyewe huchangia kama robo hivi. Zilizobaki ni za mwendeshaji.

Nguvu ya hewa inayokukinza huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukukinza mara nne, na kwa kuwa sasa unaisukuma ukiwa unakwenda mara mbili kwa kasi, wati unazotakiwa kutoa huwa mara nane. Ndiyo maana mtu hupanda kutoka kilomita 15 hadi 20 kwa saa bila taabu, lakini kutoka 28 hadi 32 huona kama amefungiwa kitu nyuma.

Kwa hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 30, mwendeshaji wetu mwenye kipimo cha 0.42 anatumia wati 141 kuisukuma hewa peke yake akienda kilomita 30 kwa saa bila upepo. Ukiongeza 40 za matairi, jumla ni wati 181. Akiinama mpaka 0.32, hewa inamla wati 107 badala ya 141. Ameokoa wati 34, wakati baiskeli ya kilo 8 ingemwokolea 2. Tuseme basi kwamba hataki kupumzisha miguu, bali anatoa wati zilezile 181 na anataka kufika mapema. Kwa kubadilisha baiskeli, mwendo wake utatoka 30 hadi 30.1. Kwa kuinama, utafika 32.6. Katika safari ya kilomita 30, baiskeli nyepesi itampunguzia sekunde kama 15, na kuinama kutampunguzia karibu dakika 5. Hesabu hii haikuingiza upotevu mdogo wa mnyororo, lakini huo ni uleule katika hali zote mbili.

Kuna kisa cha mashindano kinachoonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa mtu ni mmoja na uwanja ni tambarare kabisa. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja katika ukumbi wa Manchester, akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake na kiwiliwili kimelala. Baadaye chama cha kimataifa cha mchezo huo kiliamua kwamba rekodi ya saa moja ishindaniwe kwa baiskeli ya umbo la zamani, yenye usukani wa kawaida uliopinda, kama ile aliyotumia Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972. Boardman akarudi Manchester mwaka 2000 chini ya sheria hiyo, akapata kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Si haki kuweka tofauti yote ya kilomita 7 kwenye mkao, maana magurudumu na helmeti pia vilibadilika, na mwenyewe alikuwa mwishoni mwa maisha yake ya mashindano. Lakini kwa uzito wa baiskeli hakuna awezaye kuieleza tofauti hiyo.

Turudi kwenye kusi yako. Upepo unapokuja mbele, hewa haijali mwendo wa magurudumu yako juu ya lami. Inajali mwendo wako pamoja na wake. Ukienda Gede kwa kilomita 20 kwa saa huku upepo wa mbele ni wa kilomita 14 na nusu, mwili wako unakutana na hewa ya kilomita 34 na nusu kwa saa. Kwa mkao wako wa sasa utatoa wati 150 kwa ujumla, ukiona wenye miguu ya kawaida wanakupita, na utadhani baiskeli ni nzito. Uzito haujabadilika tangu jana asubuhi. Katika wati hizo 150, matairi yanachukua 27 tu na zilizobaki zote ni za upepo. Ukiinama, kwa wati zilezile utakwenda kilomita 22.3 kwa saa. Wala usitegemee kwamba upepo utakulipa ukirudi nao mgongoni: unakaa muda mrefu zaidi kwenye sehemu ngumu kuliko kwenye sehemu rahisi, kwa hiyo hasara ya kwenda hairudi yote. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaokwenda Mambrui na Gongoni wakati wa kaskazi, ila wao hupigwa mbele wakielekea upande wa pili.

Sasa namna ya kuupata mkao huo. Jambo la kwanza halihitaji spana. Kunja viwiko mpaka mikono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, ikaribie kulala sambamba na barabara, kisha vuta viwiko ndani visipite upana wa mapaja. Shusha mabega mbali na masikio. Wengi hushusha mikono tu na kuacha kifua kiko juu kama kilivyokuwa, na hapo hawapati kitu. Kinachotakiwa kushuka ni kifua, na hushuka kwa kukunja mwili kwenye nyonga, si kwa kuupinda mgongo katikati. Kichwa kiwe chini kiasi, lakini macho yaone mbele. Barabara ya Mombasa ina matatu na malori, na mtu anayetazama gurudumu lake la mbele ili apate wati 5 amefanya biashara mbovu.

Jambo la pili ni usukani wenyewe. Angalia ile shingo inayoushika: katika baiskeli nyingi za siku hizi, chini ya shingo kuna pete mbili au tatu zimepangwa kwenye bomba la uma wa mbele. Pete hizo zikihamishiwa juu ya shingo, usukani hushuka. Ondoa kwanza boliti ya kifuniko cha juu, kisha legeza boliti mbili za ubavuni, toa shingo, hamisha pete moja, rudisha shingo mahali pake na uweke pete ile juu yake. Unapofunga, anza na boliti ya juu, kaza polepole mpaka uma usiwe na mchezo lakini usukani bado uzunguke wepesi, nyoosha usukani ulingane na gurudumu, ndipo ukaze zile za ubavuni. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole chako kiko kwenye maungio ya uma na fremu. Ukihisi kitu kinagonga, boliti ya juu haijakaa sawa, na usiondoke nayo hivyo. Hakikisha pia kwamba nyaya za breki hazivutwi usukani ukipinda.

Hamisha pete moja kwa wakati, na uipe wiki mbili tatu za safari zako za kawaida kabla ya kuigusa ya pili. Mwili una namna yake ya kusema umezidisha. Magoti yakianza kupanuka nje kila unapokanyaga, ni kwamba mapaja yanakutana na tumbo na yanatafuta nafasi, na hapo unapoteza mara mbili, kwa sababu magoti ya nje yanaongeza eneo linalopigwa na hewa. Viganja vikifa ganzi, au ukijikuta umenyoosha viwiko kila baada ya dakika chache, usukani uko chini mno au mbali mno. Mkao wa 0.32 unaoweza kuukaa saa nzima ni bora kuliko wa 0.28 unaouvumilia dakika 5 kisha unasimama wima. Na ukiona mapigo ya moyo yako yale yale yanakupa mwendo mdogo kuliko ulivyotarajia hata siku isiyo na upepo, nyonga zimebanwa na miguu haitoi nguvu yake, rudisha pete.

Kuna mikao ambayo sikushauri hata kidogo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, aliteremka mlima katika mashindano ya Ufaransa mwaka 2016 akiwa amekalia bomba la juu la fremu na kifua kimelala kwenye usukani, akashinda siku hiyo. Mkao huo ulipigwa marufuku kwenye mashindano mwaka 2021, na sababu yake inaeleweka: mtu aliyekaa hivyo hana uwezo mzuri wa kukwepa shimo au mbuzi.

Nguo nazo usizisahau. Fulana pana inayopepea, au koti lisilofungwa zipu, huifanya kazi yote ya kuinama iwe nusu kazi. Na jaza matairi. Tairi lililolegea linaweza kuupandisha ule upotevu wa wati 40 mpaka 65 na zaidi, hasara ambayo baiskeli ya kilo 8 haiwezi kuifidia hata ungenunua kumi.

Hesabu zangu zina mipaka. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa bila upepo, hewa inakula wati kama 18 na matairi 20, kwa hiyo kuinama hapo ni kujiumiza shingo kwa faida ndogo, na vijana wanaobeba mitungi ya maji kwa mwendo huo wana kila sababu ya kuulalamikia uzito. Ukiwa nyuma ya wenzako, karibu na gurudumu la mbele yako, ukinzani wa hewa unaweza kupungua kwa robo au theluthi, na faida ya mkao hupungua kwa kiasi hichohicho ingawa haiishi. Tena ukienda Taita na kupanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi, mambo yanageuka. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, kwa kilomita 12 kwa saa, mwendeshaji wetu anatumia wati 160 kuinua uzito na 9 tu kwa hewa; huko kilo nne zinampunguzia wati zaidi ya 8. Kama safari za namna hiyo ndizo utakazofanya kila mwezi, baiskeli nyepesi ina maana. Kwa Gede haina.

Mwisho, usiniamini mimi, pima. Tafuta kipande cha lami tambarare kisicho na magari, asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujaamka. Weka alama barabarani kwa chaki. Fika kwenye alama ukiwa na kilomita 30 kwa saa kamili kwenye kipimamwendo chako, acha kukanyaga, na ukae wima kama ulivyozoea; pale kipimamwendo kinaposoma 15, angusha kijiti au kitu chochote chepesi, halafu pima umbali kwa hatua. Rudia ukiwa umeinama, na ufanye hivyo kwa pande zote mbili za barabara, kwenda na kurudi, kisha uchukue wastani, maana hata upepo usiouhisi na mwinuko usiouona utakudanganya. Kwa mwendeshaji wa mfano wetu, mkao wa wima unapaswa kumfikisha mita 147 hivi, na wa kuinama 174. Tofauti ya mita 25 na kitu haihitaji kifaa cha bei kuiona. Ukipata chini ya mita 10, kifua bado kiko juu. Mwambie mwenzako akupige picha kutoka mbele na kutoka ubavuni, uone kilichoshuka na ambacho hakijashuka.

Ila usitumie kipimo hiki kulinganisha baiskeli yako na ile ya kilo 8 ya mwenzako. Chombo kizito huhifadhi mwendo wake zaidi, kwa hiyo katika mtihani huu baiskeli nyepesi ndiyo itakayosimama mapema, kwa mita 5 hivi, na hilo halimaanishi kwamba ni mbaya. Linganisha mkao na mkao, juu ya baiskeli ileile, matairi yaleyale na nguo zilezile.